Kuweka ramani ya zamani ya udongo mahali pake kwa QGIS: usidanganywe na kosa dogo

Mfano wetu ni ramani ya udongo ya eneo la Kindaruma, Kenya, iliyotolewa na Kenya Soil Survey mwaka 1975 kwa kipimo cha 1:100,000. Ni karatasi namba 136 ya robo digrii, kwa hiyo kona zake zinajulikana: latitudo 0°30' hadi 1°00' kusini, longitudo 37°30' hadi 38°00' mashariki. Ukikosa karatasi yenyewe, maktaba ya ISRIC, kituo cha kimataifa cha taarifa za udongo kule Wageningen, Uholanzi, ina skani za ramani nyingi za udongo za Afrika.

Hatua ya 1: Jua pikseli moja ni mita ngapi

Fanya hesabu hii kabla ya kufungua programu, kwa sababu QGIS itakupa makosa kwa pikseli, na pikseli peke yake haisemi kitu. Skani ya dpi 300 kwa kipimo hiki inatoa:

```
25.4 mm / 300 = 0.0847 mm kwenye karatasi
0.0847 mm x 100,000 = mita 8.47 ardhini
```

Mimi hukubali kosa la nusu milimita ya karatasi, yaani mita 50 ardhini, sawa na pikseli 6 hivi. Kubana zaidi ya hapo hakuna faida kubwa. Udongo haubadiliki ghafla kama ukuta wa nyumba. Mpaka uliochorwa kati ya aina mbili, shambani mara nyingi ni ukanda ambao ungeutembea kwa dakika kadhaa.

Skani iwe ya skana bapa au ya rola. Picha ya simu ina upindaji wa lenzi ambao hatua zinazofuata hazitauondoa.

Hatua ya 2: Chagua mfumo wa viwianishi sahihi

Hapa ndipo ramani nyingi za Afrika Mashariki zinapoharibika bila mtu kujua. Ramani za enzi hiyo za Kenya na Tanzania zilijengwa juu ya datumu, yaani msingi wa kupimia viwianishi, ya Arc 1960, si WGS 84 ya GPS. Soma maandishi ya pambizoni uthibitishe. Kwa Kindaruma, digrii zilizochapishwa ukingoni ni za `EPSG:4210`, na mfumo wa mita unaofaa ni `EPSG:21037`, yaani Arc 1960 / UTM zone 37S.

Ukizichukua digrii hizo kana kwamba ni za WGS 84, ramani nzima itahama takriban mita 300 kuelekea kaskazini na mita 90 hivi magharibi. Kwenye skani yetu hiyo ni kama pikseli 37.

Hatua ya 3: Weka pointi za udhibiti

Fungua `Layer > Georeferencer`, kisha `Open Raster`. Usianze na barabara wala mito. Anza na makutano ya mistari ya digrii, kwa sababu viwianishi vyake unavisoma kwenye karatasi yenyewe. Chukua kona nne, kisha alama za dakika 15 katikati ya kila ukingo. Zinakuwa pointi nane.

Kuza hadi uone pikseli mojamoja, bofya katikati ya unene wa mstari, halafu andika X na Y. Toleo la 3.26 na yaliyofuata yanakuruhusu kuchagua mfumo wa viwianishi unavyoandika, chagua `EPSG:4210`. Dakika zigeuze kuwa desimali: 37°45' ni 37.75, si 37.45. Kusini mwa ikweta Y ni hasi, kwa hiyo kona ya chini kushoto ni X 37.5 na Y -1.0.

Kwenye `Transformation Settings` chagua `Polynomial 1`, `Nearest Neighbour`, na `EPSG:21037` kama mfumo wa matokeo. `Polynomial 1` inahamisha, inazungusha na inanyoosha kila upande kwa kiasi chake, na hilo linatosha kwa karatasi iliyosinyaa. `Nearest Neighbour` inaacha rangi za udongo zilivyo, bila kuzichanganya mipakani.

Hatua ya 4: Soma jedwali la makosa

Safu ya `Residual (pixels)` inaonyesha umbali kati ya mahali ulipobofya na mahali hesabu inapoipeleka pointi hiyo. Ukiwa na pointi tatu tu, `Polynomial 1` itakuonyesha sifuri kila mara, hata kama umekosea zote. `Thin Plate Spline` nayo inatoa sifuri kwa idadi yoyote ya pointi, kwa sababu inailazimisha picha ipite kila ulipobofya.

Sasa tuseme kona ya kaskazini mashariki imekunjwa, na mkunjo umeisogeza pikseli 20. Jedwali halitaonyesha 20. Litaonyesha kama 11 kwenye kona hiyo, 6 kwenye pointi mbili za jirani ukingoni, na 4 hata kwenye kona ya upande wa pili kabisa. Hesabu imeligawa kosa kwa wote, na pointi zisizo na hatia zinalibeba. Ukiona umbo hilo, kubwa moja likizungukwa na ya wastani, ondoa tiki kwenye ile kubwa peke yake. Zilizobaki zikishuka hadi 1 au 2, mkosaji umempata.

Watu wengi huifuta pointi hiyo na kufurahia wastani mzuri. Kwanza rudi uikuze. Ikiwa ulibofya vibaya au uliandika namba isiyo yake, rekebisha. Lakini ikiwa ulibofya sawasawa, basi karatasi yenyewe imeharibika hapo, na kuifuta hakuinyooshi: jedwali litapendeza huku udongo wa kona ile ukibaki mita 170 nje ya mahali pake. Dawa ni kuibana karatasi ilale vizuri na kuiskani upya. Isipowezekana, ongeza alama nyingi za digrii kuzunguka mkunjo na utumie `Thin Plate Spline`, ukijua kwamba tangu hapo jedwali halina la kukuambia.

Hatua ya 5: Pima kwa pointi ambazo hesabu haizijui

Lile kosa la datumu halionekani kabisa kwenye jedwali. Pointi zote zikihama pamoja, zinaendelea kukubaliana. Kwa hiyo bofya `Start Georeferencing`, kisha leta `OpenStreetMap` kutoka `XYZ Tiles` na utafute vitu vilivyokuwapo kabla ya ramani: ukuta wa bwawa la Kindaruma uliokamilika 1968, kilele cha Kiang'ombe, makutano ya barabara za zamani. Kingo za Tana ziogope. Bwawa la Masinga lilikamilika 1981 na Kiambere 1988, kwa hiyo mikondo mingi iliyo kwenye ramani hiyo sasa iko chini ya maji.

Pima umbali na mwelekeo wa kila tofauti. Tuseme umepata mita 45, 60, 38 na 72, kila moja ikielekea kwake. Kosa lake la wastani, RMSE, ni:

```
RMSE = sqrt((45² + 60² + 38² + 72²) / 4) = mita 55
```

Imezidi kidogo ile nusu milimita, lakini kwa 1:100,000 mimi ningeipokea, kwa kuwa hata alama za barabara huchorwa nene kuliko upana wake. Zikitoka zote karibu mita 300 na zote ramani ikiwa kaskazini ya uhalisia, usiguse pointi hata moja. Rudi hatua ya 2.

Hifadhi faili la `.points` kando ya TIFF, na uandike RMSE ya mita kwenye maelezo ya tabaka, si ile ya pikseli ya jedwali.