Kuhamisha saluni kutoka Mlandege hadi Kiembesamaki bila kupoteza wateja

Mara ya kwanza nilipohama, niliwaambia wateja wiki moja kabla. Waliokuja baadaye walikuta mlango umefungwa, na jirani akiwajibu, "Kafunga huyo." Wengine nilikuja kuonana nao harusini, wameshapata pengine pa kwenda. Nilipohama tena 2025, nilifanya hivi.

Hatua ya 1: Hesabu siku kwa nywele za mteja

Fungua daftari umtafute mteja wa kudumu anayekawia kurudi kuliko wote. Kwangu ni wa dawa, maana mizizi ikishaota ndipo anaporudi, kila baada ya wiki sita hadi nane. Ukitangaza mwezi mmoja kabla, wapo ambao hawatakaa kwenye kiti chako hata mara moja kabla hujaondoka. Tangaza wiki nane kabla. Wa kusuka na kuosha huja mara kwa mara, hao hawana shida.

Siku ya kuhama niliichagua ndani ya kumi la mwanzo la Ramadhani. Shaaban ni harusi juu ya harusi, na kumi la mwisho watu wanataka hina na piko za Idi. Hapo mwanzoni saluni hupoa. Nikapanga kufungua Jumamosi, 8 Machi, nikarudi nyuma wiki nane, ikawa 11 Januari, siku moja kabla ya Mapinduzi. Siku hiyo nikaanza kusema.

Hatua ya 2: Wapigie simu waliotoa arbuni

Biharusi aliyekupa arbuni asizipate habari hizi kwa ujumbe, wala kwa shoga yake. Nilikuwa na watano wa Mfunguo Mosi. Nilizungumza na mama zao pia, kwa sababu mara nyingi mama ndiye mwenye kauli.

Mmoja akaniambia, "Kiembesamaki mbali mwanangu, huyu mtoto atarudi saa ngapi?" Nikamwambia tarehe ni ile ile na bei ni ile ile, hina nitaifuata nyumbani kwao, na asiporidhika arbuni yake narudisha yote. Nikamwomba aje apaone kwanza. Alipofika hakuangalia viti wala vioo. Alisimama barabarani, akanambia nifungue mlango, akatazama kama mpita njia anaona ndani. Pazia lilikuwa moja. Nikaongeza la pili, nyuma kidogo ya mlango, na mambo yakaisha.

Hatua ya 3: Sema kwa mdomo, kisha weka alama

Kila aliyekaa kwenye kiti nilimwambia mwenyewe, nikaweka alama kwenye jina lake. Hapo hapo nilimuuliza nambari, na kama simu ni yake au ya mume. Kisha nikamwomba aihifadhi nambari yangu mbele yangu. Hili usilipuuze: ujumbe wa orodha ya matangazo ya WhatsApp haumfiki asiyekuhifadhi kwenye simu yake, na wewe utadhani umefika. Nambari yenyewe usiibadilishe kabisa.

Hatua ya 4: Ujumbe mmoja, ule ule, mara tatu

Niliutuma wiki nane kabla, wiki mbili kabla, na siku ya mwisho Mlandege:

> Assalamu alaykum. Ni mimi wa saluni ya Mlandege. Tunahamia Kiembesamaki. Mlandege mwisho Alhamisi, 6 Machi. Kiembesamaki tunaanza Jumamosi, 8 Machi. Panda 505, shuka Kiembesamaki, ingia njia ya pili kushoto, mlango wa kijani. Bei hazibadiliki, wasusi ni wale wale. Nambari ni hii hii.

Siku ya mwisho na siku ya kwanza lazima ziwepo zote mbili, la sivyo mtu hajui Ijumaa aende wapi. Njia ielekeze kwa daladala na kwa kitu kinachoonekana. Nilituma na sauti pia, kwa wanaopenda kusikiliza kuliko kusoma.

Hatua ya 5: Mlango wa zamani

Omba ruhusa ya mwenye nyumba tangazo libaki mwezi mzima. Liwe ndani ya plastiki, maana masika yakianza wino hautoki salama. Jirani mwachie kadi, na umfundishe neno la kusema: "Kahamia Kiembesamaki."

Hatua ya 6: Watafute waliopitiliza

Usipime kwa wingi wa watu wiki ya kwanza, wengi huja kuangalia tu. Rudi kwenye daftari. Wa dawa aliyepita wiki nane bila kuja, mpigie. Baada ya Idi nilikuwa na 19 wa namna hiyo. Wengine walikuwa wamejifungua au wamesafiri. Sita walisema nauli ya kwenda na kurudi inawashinda. Hao niliwapangia Jumatano, nawafuata Mlandege nyumbani kwa mmoja wao, wote siku moja.