Sigara moja baada ya kuacha

Juzi kwenye baraza ya kahawa hapa Ngamiani, Tanga, baada ya siku 40 bila sigara, nilivuta moja. Kinachomrudisha mtu si ile moja, ni kauli inayoifuata: "Nimeshaharibu, bora nimalize pakiti." Kwa hiyo usikae kujilaumu. Zilizobaki zitie maji, ondoka hapo, kisha andika kilichokuponza. Mimi ilikuwa kahawa chungu na jamaa aliyeninyooshea kiberiti. Siku hizi kahawa nainywea nyumbani. Hesabu usiirudishe sifuri: siku 40, kosa 1, endelea. Kwa heroini hii haitoshi, maana mwili umeshapoteza uzoefu wa dozi ya zamani na kuirudia kunaweza kuua. Aliyeteleza huko asiachwe peke yake, apelekwe kliniki siku hiyohiyo.