Mpapai mchanga nyuma ya nyumba: namna ya kuulinda usizame ndani ya shimo lake

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia shemeji yangu hapa Tabora mjini, ambaye mipapai yake mitano ilianza kuwa ya njano katikati ya Januari, wakati mvua ilikuwa imechanganya. Kosa alilolifanya nami niliwahi kulifanya, na lilinipotezea miche yote ya msimu mmoja.

Hatua ya 1: Miche

Otesha mbegu kwenye viriba na uhamishe miche ikifika urefu wa shubiri moja, mvua zikishatulia. Usiivunje bonge la udongo, kwa kuwa mpapai hausamehe mizizi iliyokatwa.

Hatua ya 2: Shimo na nafasi

Acha mita 2.5 hadi 3 kati ya shimo na shimo, na umbali kama huo kutoka ukutani. Panda miche mitatu katika kila shimo, ikiachana kwa kadiri ya shubiri, kwa sababu jinsia ya mpapai haijulikani mpaka utoe maua, kwa kawaida baada ya miezi minne hadi sita. Maua ya dume huning'inia kwenye vikonyo virefu vyenye matawi, ilhali ya jike hukaa karibu na shina. Hapo ndipo unapobakiza mche mmoja, na dume mmoja atawatosha majike wapatao kumi.

Kuhusu shimo lenyewe, naomba msomaji anivumilie, kwa kuwa hapa ndipo miche mingi hufia. Tumezoea kuambiwa tuchimbe shimo kubwa, tulijaze samadi na tupande katikati. Ushauri huo unafaa pale ambapo maji hupenya chini. Uwanja wa shemeji una kichanga juu, lakini ukifika kina cha mkono mmoja unakutana na tabaka gumu la udongo wa mfinyanzi. Shimo lililochimbwa ndani ya tabaka hilo huwa kama ndoo: maji ya mvua huingia kwa urahisi kupitia udongo laini uliojaziwa, kisha hayana pa kutokea. Mizizi ya mpapai ikikaa majini siku mbili tu yaweza kuanza kuoza.

Kwa hiyo, kabla ya kupanda, jaza shimo tupu maji jioni. Yakiwa bado yamesimama asubuhi, lifukie na upande juu ya tuta la duara lenye kimo cha nusu mita na upana wa mita moja, lililochanganywa debe moja la samadi iliyooza vizuri. Mimi siku hizi napanda juu ya tuta hata pale maji yanapopenya. Usifukie shina zaidi ya lilivyokuwa kwenye kiriba.

Hatua ya 3: Majani ya njano

Jani moja la chini kabisa likigeuka njano na kudondoka huku kilele kikiendelea kuchipua, huo ni uzee wa jani tu. Mmea mzima ukipauka polepole, kuanzia majani ya chini, nao haulegei, una njaa ya naitrojeni. Lakini majani yakiwa ya njano na vikonyo vyake vikilegea hata asubuhi, ilhali udongo umelowa, mizizi inazama. Shemeji aliona unjano akadhani ni njaa, akaongeza urea na maji.

Tulichimba kando ya mpapai mmoja, tukakuta maji yenye harufu ya uozo. Mizizi ilikuwa ya kahawia, na ukiivuta ngozi yake inavuka na kubaki uzi mweupe. Mashina ya miwili yalikuwa yamelainika pale yanapogusa ardhi, nasi tukaing'oa. Kwa mitatu iliyobaki tulichimba mfereji kutoka kwenye shimo kuelekea mteremko, tukaondoa matandazo na kusimamisha mbolea yote. Baada ya wiki tatu hivi kilele cha kila mmoja kilitoa jani jipya la kijani. Mfereji hauufufui mpapai ambao shina lake limeshalainika.

Majani ya juu yakijikunja wakati wa kiangazi na upande wa chini ukiwa na utando mwembamba, huo ni utitiri. Pulizia maji kwa nguvu upande huo kila baada ya siku chache. Majani yenye mabaka ya njano na kijani, yaliyosinyaa kama kamba, pamoja na michirizi kama ya mafuta kwenye vikonyo, ni dalili za virusi vinavyoenezwa na vidukari. Ung'oe mmea huo mara moja, wala usipande maboga karibu na mipapai.

Hatua ya 4: Kulisha

Mwezi mmoja baada ya kupanda, weka kisoda kimoja cha urea kwa kila mche, kisha viwili kila mwezi, kwenye duara lililo shubiri mbili kutoka shinani na udongo ukiwa na unyevu. Samadi rudia kila baada ya miezi mitatu. Kuanzia Juni mpaka Oktoba mwagilia mara mbili kwa wiki na urudishe matandazo, ukiyaacha mbali na shina kwa upana wa kiganja.