Kupanga kazi za msingi wa darasa kwenye jedwali: kazi, mhusika, kuanza, kumaliza

Mfano ni msingi wa darasa moja wilayani Bahi. Mafundi wanafanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi, na Nane Nane wanapumzika. Fungua Google Sheets, andika vichwa vinne kuanzia A1, kisha sikukuu, yaani 08/08/2026, iweke pembeni kwenye G2.

| Kazi | Mhusika | Kuanza | Kumaliza |
|---|---|---|---|
| Kuchimba msingi | Msimamizi wa vibarua | 03/08/2026 | 06/08/2026 |
| Kumwaga zege | Fundi mkuu | 07/08/2026 | 07/08/2026 |
| Kumwagilia zege | Mlinzi | 08/08/2026 | 14/08/2026 |
| Kujenga tofali za msingi | Fundi mwashi | 15/08/2026 | 20/08/2026 |

Mstari wa tatu ndio wengi huuacha, kwa kuwa siku hizo fundi hayupo saiti. Lakini kwa jua na upepo wa Dodoma mwezi wa nane, zege lisilomwagiliwa hukauka kabla halijakomaa, na boza la maji lazima liagizwe mapema. Muda wa kusubiri unakula siku kama kazi nyingine, kwa hiyo upewe mstari wake na mtu wake.

Tarehe ya kuandika kwa mkono ni C2 peke yake. Kazi ya mafundi huhesabiwa kwa siku za kazi. Kuchimba ni siku 4, kwa hiyo D2 ni:

```
=WORKDAY.INTL(C2-1,4,11,$G$2:$G$5)
```

Namba 11 inaruka Jumapili tu. Ile `C2-1` inafanya siku ya kuanza nayo ihesabiwe. Ukiisahau, kila kazi itachelewa siku moja. Kumwaga zege kunaanza siku ya kazi inayofuata, hivyo C3 ni:

```
=WORKDAY.INTL(D2,1,11,$G$2:$G$5)
```

Zege halijui Jumapili wala sikukuu. Kwa hiyo C4 ni `=D3+1`, na D4 ni `=C4+7-1`. Mistari iliyobaki inafuata fomula za mafundi, ukibadilisha idadi ya siku: zege 1, tofali 5.

Swali: Nimeandika 07/08/2026, fomula inanipa mwezi wa saba. Halafu 13/08/2026 imeganda kushoto mwa seli.
Faili lako linasoma mwezi kwanza. Mwezi wa 13 haupo, ndiyo maana hiyo imebaki maandishi. Nenda File > Settings > Locale, chagua United Kingdom, kisha ziandike upya tarehe zote, hata zile zinazoonekana sawa.

Swali: Kumwaga zege kuna fundi na anayeleta saruji. Niwaandike wote wawili?
Hapana, gawa mstari. "Kufikisha saruji saiti" iwe ya mnunuzi, na imalizike kabla ya siku ya zege. Majina mawili kwenye seli moja, kila mmoja atamsubiri mwenzake.

Swali: Kuchimba kukichelewa, tarehe zote zinasogea. Nitajuaje tumechelewa kiasi gani?
Kabla ya kuanza, nakili safu ya Kumaliza uibandike safu ya E kwa Paste special > Values only. Hiyo haisogei, na `=D5-E5` itakupa siku mlizochelewa.