Milinganyo ya logi na vipeo: jinsi ya kuhakiki jibu kwenye mlinganyo wa mwanzo

Nafundisha tuisheni ya Hesabu hapa Dodoma, upande wa Nkuhungu. Wengi wa wanafunzi wangu ni wa Kidato cha Pili hadi cha Nne, pamoja na wachache wa PCM na EGM. Kwenye mada ya logi mwanafunzi anaweza kufuata kanuni zote sawasawa, asikosee hata alama moja, na bado akapata jibu lisilo jibu. Kwa sababu hiyo, karatasi ya maswali ninayowapa ina nafasi mbili kwa kila swali, moja ya kukokotoa na nyingine ya kuhakiki, na asiyejaza ya pili hapati maksi zote. Tuipitie pamoja. Maswali manne ya kwanza nimeyatunga yaishie kwenye mlinganyo uleule wa kwadratiki, na sababu yake utaiona tukifika swali la pili.

Kwanza kumbuka hili. Tunaposema log₂(8) = 3, maana yake ni kwamba 2³ = 8. Hiyo 2 ni kizio, na 8 ndiyo namba iliyo ndani ya logi. Sasa ipandishe 2 kwa kipeo chochote unachotaka: 2³ ni 8, 2⁰ ni 1, 2⁻³ ni 1/8. Inapungua na kupungua, lakini haifiki sifuri wala haiwi hasi. Kwa hiyo ndani ya logi lazima pawe na namba chanya. Kila tutakachofanya hapa chini kinatoka hapo.

Swali la 1

log₂(x) + log₂(x − 2) = 3

Hatua ya kwanza, unganisha logi mbili ziwe moja. Kujumlisha logi za kizio kimoja ni kuzidisha namba zilizo ndani:

log₂[x(x − 2)] = 3

Hatua ya pili, ondoa logi kwa kurudi kwenye kipeo:

x(x − 2) = 2³
x² − 2x − 8 = 0

Hatua ya tatu, vunja katika mabano mawili: (x − 4)(x + 2) = 0. Basi x = 4 au x = −2.

Hatua ya nne ndiyo ya kuhakiki, na hapa wengi huteleza. Nina daftari la mwanafunzi mmoja ambaye alihakiki kweli, kwa mwandiko safi kabisa. Aliandika (−2)(−2 − 2) = (−2)(−4) = 8, akaweka alama ya vema. Akaniuliza, "Ticha, mbona imekubali halafu umenikata?" Imekubali kwa sababu aliirudisha −2 kwenye x(x − 2) = 8, na huo ni mstari wa tatu wa kazi yake. Swali halikuwa hilo. Rudisha kwenye swali lenyewe kama lilivyoandikwa:

x = 4: log₂(4) + log₂(2) = 2 + 1 = 3. Inakubali.
x = −2: log₂(−2) + log₂(−4). Hakuna logi ya namba hasi, kwa hiyo jibu hili linakataliwa.

Angalia −2 ilivyoingia. Kwenye swali la mwanzo namba mbili zimekaa kila moja ndani ya logi yake, na kila moja inadaiwa kuwa chanya. Tulipoziunganisha, dai likabaki moja tu, kwamba zao lao liwe chanya. Hasi mara hasi ni chanya, na hapo ndipo −2 na −4 zilipopenya. Kanuni ya kuunganisha logi ni sahihi pale tu namba zote mbili ni chanya, na ukiitumia kabla ya kujua x ni ngapi, unaacha mlango wazi. Kwa hiyo mstari unaofaa kuhakikia ni ule ulio juu ya hatua yako ya kwanza.

Swali la 2

log₂(2 − x) + log₂(−x) = 3

Mwanafunzi akiona log₂(−x) hushtuka, akasema swali limekosewa. Halijakosewa. Alama ya hasi mbele ya x haisemi kwamba namba ni hasi. X ikiwa −2, basi −x ni 2. Endelea kama kawaida:

(2 − x)(−x) = 8
x² − 2x − 8 = 0

Ni kwadratiki ileile, kwa hiyo x = 4 au x = −2. Sasa hakiki:

x = 4: log₂(−2) + log₂(−4). Inakataliwa.
x = −2: log₂(4) + log₂(2) = 2 + 1 = 3. Inakubali.

Jibu ni −2, na ile 4 iliyokuwa sahihi kwenye swali la 1 hapa imeanguka. Nimeliweka swali hili kwa ajili ya wale waliozoea kukariri kwamba "kwenye logi, jibu hasi unakata". Usikate jibu kwa kuangalia alama ya x. Angalia kinachotokea ndani ya kila logi baada ya kuiweka hiyo x.

Swali la 3

log₂(x² − 2x) = 3

Safari hii logi ni moja tangu mwanzo. Unaondoa logi, unapata x² − 2x − 8 = 0, na majibu ni yaleyale mawili.

x = 4: 16 − 8 = 8, na log₂(8) = 3. Inakubali.
x = −2: (−2)² − 2(−2) = 4 + 4 = 8, na log₂(8) = 3. Inakubali.

Majibu yote mawili ni sahihi. Hapa hatukuunganisha chochote, kwa hiyo hapakuwa na mlango wa jibu la uongo kupita.

Tahadhari moja kwa wanaotumia kikokotoo: weka mabano. Ukibonyeza −2² bila mabano, kikokotoo kinapandisha 2 kwanza, kisha kinaweka hasi, na unapata −4. Ukijumlisha 4 unapata sifuri, logi ya sifuri haipo, skrini inakuandikia Math ERROR, nawe unakata jibu zuri. Andika (−2)². Vivyo hivyo kwenye karatasi: kila unapoweka namba mahali pa x, iweke ndani ya mabano, hata kama ni chanya.

Swali la 4

4ˣ − 2·2ˣ − 8 = 0

Hili ni la vipeo. 4ˣ ni (2ˣ)², kwa hiyo iite 2ˣ herufi u:

u² − 2u − 8 = 0
u = 4 au u = −2

Wapo wanaosimama hapa wakaandika "x = 4". Ukihakiki kwenye mlinganyo wa u, 16 − 8 − 8 = 0, utadhani umemaliza. Peleka hiyo 4 kwenye swali: 4⁴ ni 256, 2·2⁴ ni 32, na 256 − 32 − 8 = 216. Iko mbali na sifuri. Herufi u tuliikodi tu, lazima turudi kwa x. 2ˣ = 4 inatoa x = 2. 2ˣ = −2 haina jibu katika namba halisi, kwa sababu ileile tuliyoanza nayo. Hakiki: 4² − 2·2² − 8 = 16 − 8 − 8 = 0. Inakubali.

Swali la 5

Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 3.09, kwa kukadiria, katika Mkoa wa Dodoma. Chukua kwamba wanaongezeka kwa asilimia 4 kila mwaka, kiwango kilicho karibu na ongezeko la kati ya sensa ya 2012 na hiyo ya 2022. Watafika milioni 5 baada ya miaka mingapi?

3.09 × 1.04ᵗ = 5

Gawanya kwanza kwa 3.09, halafu chukua logi ya kizio 10 pande zote:

1.04ᵗ = 1.6181
t = log 1.6181 ÷ log 1.04 = 0.2090 ÷ 0.01703 = 12.27

Kwenye maswali ya desimali, kuhakiki hakutoi usawa kamili, na mwanafunzi asiyejua hili hudhani amekosea. Ukiweka 12.27 na kukokotoa kwa kikokotoo, upande wa kushoto unatoa 4.9999. Ukikadiria na kuweka 12.3, unapata 5.006. Ukiweka 12 tu, unapata 4.95. Tofauti hizi zinatokana na kukata tarakimu, na zinapungua kadiri unavyobakiza tarakimu nyingi zaidi. Kosa la kanuni halifanyi hivyo. Kosa la kawaida hapa ni kuzidisha 3.09 kwa 1.04 kwanza, ukapata 3.2136ᵗ = 5 na t = 1.38. Rudisha 1.38 kwenye swali: 3.09 × 1.04^1.38 ni 3.26. Hata ukiongeza tarakimu kumi haitasogea kuelekea 5. Hilo ni kosa la kanuni, kwa kuwa kipeo t kiko juu ya 1.04 peke yake.

Swali la 6

log₂(x²) = 6

Wengi hushusha kipeo: 2 log₂(x) = 6, log₂(x) = 3, x = 8. Wanahakiki: log₂(64) = 6. Inakubali, wanafunga daftari. Lakini x = −8 nayo inatoa (−8)² = 64, na log₂(64) = 6. Jibu moja limepotea, na kuhakiki hakukupiga kengele.

Huu ndio mpaka wa njia hii. Kurudisha jibu kwenye swali kunamkamata mgeni aliyeingia bila ruhusa, lakini hakumtafuti aliyepotea. Jibu lilipotea pale x² ilipogeuka kuwa 2 log₂(x), kwa kuwa log₂(x) inadai x iwe chanya, wakati x² ilikuwa imeridhika na x yoyote isiyo sifuri. Ukikuta kipeo shufwa ndani ya logi, usikishushe. Ondoa logi kwanza, x² = 2⁶ = 64, uchukue x = 8 na x = −8, kisha uzihakiki zote mbili.

Haya matatu yafanye mwenyewe kwa mpango huohuo, kwa kizio 3:

(a) log₃(x + 6) + log₃(x) = 3
(b) log₃(6 − x) + log₃(−x) = 3
(c) 9ˣ − 6·3ˣ − 27 = 0

Majibu: (a) x = 3, na −9 inakataliwa. (b) x = −3, na 9 inakataliwa. (c) x = 2; kama umeandika 9, hujarudi kwenye x.