Somo: Kadi inasema wiki 8, mume karudi wiki 6 zilizopita. Wiki za mimba zinavyohesabiwa

Nimeamua kuliandika hili mara moja nilibandike hapa juu, kwa sababu nimechoka kulijibu mmoja mmoja kwenye ujumbe wa faragha. Mimi ni mkunga, kituo chetu kiko upande wa Kirumba, na wateja wengi tulio nao ni familia za wavuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali kazi inasimama na wanaume wanarudi nyumbani kutoka visiwani. Baadaye mama anaanza kliniki, mume anaisoma kadi, anahesabu siku tangu alipoteremka mwaloni, anaona zimepungua kama wiki mbili. Ugomvi unaanzia hapo, na nimeona ndoa ikiyumba kwa hesabu ambayo mume hakuelezwa.

Wiki hizo mbili si za mtu mwingine. Fuata hatua.

Hatua ya 1. Tafuta tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Siku damu ilipoanza, si ilipokatika.

Hatua ya 2. Hakikisha ni hedhi kweli. Hapa ndipo hesabu nyingi zinapoharibika, kwa hiyo soma polepole. Mimba inapojishikiza kwenye mfuko wa uzazi, baadhi ya wanawake huona damu kidogo. Ubaya wake ni kwamba hutokea karibu na siku zilezile ambazo hedhi ilikuwa inategemewa. Mama anaiona, anasema "nimeingia siku zangu", anaandika tarehe. Mimba imeshapunguzwa kama wiki nne kwenye kadi.

Muulize, au jiulize mwenyewe: ilikuwa nyingi kama kawaida yako? Ilichukua siku zilezile? Tumbo liliuma kama linavyouma kila mwezi? Ikiwa ilikuwa matone ya siku moja au mbili, yakakatika, usiitumie. Rudi kwenye hedhi iliyotangulia ambayo ilikuwa ya kawaida, kisha mweleze mkunga tarehe zote mbili. Kosa hili likipita, hujitokeza baadaye. Karibu na wiki ya 20 juu ya mfuko wa uzazi hufika usawa wa kitovu. Kadi ikisema wiki 16 na mkono wa mkunga unaukuta kitovuni, ama tarehe si sahihi, ama kuna mapacha, ama kuna jambo jingine la kuchunguza.

ONYO: damu ukiwa tayari unajua una mimba si ya kuhesabia tarehe. Nenda kituoni. Ikiambatana na maumivu makali ya tumbo upande mmoja, kizunguzungu au kuzimia, nenda saa hiyohiyo, usingoje asubuhi, maana mimba inaweza kuwa imetunga nje ya mfuko.

Hatua ya 3. Hesabu wiki kuanzia tarehe hiyo hadi leo. Tuchukue mfano. Hedhi ilianza 10 Machi. Mume karudi kutoka Ukara 22 Machi. Mama kaanza kliniki 5 Mei. Kuanzia 10 Machi hadi 5 Mei ni siku 56, yaani wiki 8 kamili, na ndivyo mkunga anavyoandika. Kuanzia 22 Machi ni siku 44, yaani wiki 6 na siku 2. Mume anaona pengo.

Sasa tazama kilichotokea ndani ya mwili. Mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28, yai lake hutoka karibu siku ya 14, hapa ni tarehe 23 au 24 Machi. Mume yupo nyumbani. Mimba ikitunga tarehe 24, hadi 5 Mei mtoto ana siku 42 tu, yaani wiki 6. Kadi imesema wiki 8, mtoto ana wiki 6, na vyote viwili ni sahihi. Wiki mbili za mwanzo kwenye kadi ni za yai kukua kabla halijatoka. Hakukuwa na mimba bado. Zinahesabiwa kwa kuwa ni lazima tuanzie mahali, na hedhi ndiyo siku ambayo mama aliiona kwa macho yake. Siku yai lilipotoka hakuna aliyeiona.

Ndiyo maana pia anayepima mkojo siku ileile hedhi ilipochelewa, kipimo kikakubali, anaambiwa ana wiki 4. Mtoto ana wiki 2.

Hatua ya 4. Tarehe ya matarajio: ongeza siku 7 na miezi 9. 10 Machi inakuwa 17 Desemba.

Hatua ya 5. Andika tarehe ya hedhi kwenye kadi na mahali pengine nyumbani. Kadi hulowa.

MASWALI

Dogo wa Igoma: Kwa hiyo mimba ya wiki 8 ni ya wiki ngapi?

Mkunga: Hatua ya 3, aya ya pili.

Mvuvi wa Kome: Dada mkunga, shikamoo. Mke wangu tarehe zake ni kama za mfano wako, hedhi 10 Machi, lakini mimi nilirudi 29 Machi. Kwa maelezo yako yai lilishatoka siku tano kabla. Niseme nini mimi?

Mkunga: Marahaba. Usiseme kitu bado. Muulize kwa upole mzunguko wake ni wa siku ngapi. Hiyo siku ya 14 ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Kanuni yenyewe ni kwamba yai hutoka kama siku 14 kabla ya hedhi *inayofuata*. Sehemu inayorefuka au kufupika ni ile ya kabla ya yai kutoka. Mwenye siku 35 yai hutoka karibu siku ya 21, yaani tarehe 30 au 31 Machi, nawe ulikuwa umesharudi. Akiwa hivyo, matarajio yanasogea mbele wiki moja, 24 Desemba. Na hata mwenye mzunguko wa kawaida, mwezi mmoja yai linaweza kuchelewa kwa homa, safari au mawazo. Apigwe altrasaundi mapema, kabla ya wiki ya 14, maana wakati huo watoto wote hulingana sana kwa urefu na kipimo hukosea siku chache tu. Ikionyesha mtoto ni mdogo kwa wiki nzima kuliko kadi, yai lilichelewa kutoka.

Mzee wa Busara: Mnawatetea tu wanawake wenzenu. Hesabu ni hesabu, karudi wiki 6 mimba wiki 8, mtu ashike lake.

Mkunga: Mzee wangu, hesabu umeiona hapo juu na siku zimeandikwa moja moja. Nionyeshe palipokosewa nirekebishe. Hesabu hii haithibitishi baba ni nani, na haimkanushi mtu pia. Anayetaka uthibitisho kuna kipimo cha vinasaba kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Kadi ya kliniki haikuandikwa kwa kazi hiyo.

Mama Nansio: Simu yangu inasema nitajifungua 15 Desemba, kadi inasema 17. Nani anadanganya?

Mkunga: Hakuna. Simu imehesabu siku 280 moja moja, wiki 40 kamili. Sisi tumeongeza miezi 9 na siku 7, na kwa kuwa miezi haina urefu sawa, kuanzia 10 Machi inakuja siku 282. Siku mbili hazibadilishi huduma yoyote. Mimba iliyokomaa huzaliwa popote kati ya wiki ya 37 na ya 42, na wachache tu hujifungua tarehe yenyewe.

Mwanafunzi wa Bugando: Kwa nini tusihesabu tangu siku walipokutana? Hiyo mama na baba wote wanaijua.

Mkunga: Swali zuri, ngoja nikae nalo. Siku ya kukutana si siku ya mimba kutunga. Mbegu za kiume huweza kuishi ndani ya mwanamke hadi siku 5 zikisubiri yai, na yai likishatoka halimalizi zaidi ya siku moja. Waliokutana tarehe 19 Machi mimba inaweza kutunga tarehe 24. Wanandoa walio pamoja wiki nzima watachagua siku ipi?

Halafu kuna historia. Kanuni ya kuongeza siku 7 inahusishwa na Franz Naegele, daktari Mjerumani wa mwanzoni mwa karne ya 19. Wakati huo hakuna aliyekuwa amewahi kuliona yai la mamalia; Karl Ernst von Baer alilieleza mwaka 1827. Na kujua kwamba yai hutoka wiki mbili kabla ya hedhi inayofuata kulisubiri miaka ya 1920, kwa kazi za Ogino kule Japani na Knaus kule Austria. Wakunga walikuwa wameshahesabu kwa hedhi muda mrefu, na vipimo vyote vya ukuaji vikapangwa kwa wiki hizo. Hata leo, mimba ya kutungishwa maabara, ambayo siku yake inajulikana kabisa, madaktari huiongezea siku 14 ili ilingane na nyingine.

Mwanafunzi wa Bugando: Hilo la maabara sikulijua. Asante sana mama.

Mke wa Fundi: Mimi nilikuwa kwenye sindano ya miezi mitatu, hedhi sijaiona mwaka mzima, na sasa kipimo kimekubali. Nianzie wapi?

Mkunga: Usianzie popote, na usikubali kubuni tarehe ili kadi ijae. Sema wazi "sijui", uombe altrasaundi mapema. Ukichelewa hadi mwezi wa saba au wa nane, kipimo kinaweza kukosea hadi wiki tatu, kwa sababu watoto wakubwa hawalingani miili. Kwa sababu hiyohiyo, mwenye tarehe iliyothibitishwa mapema asibadilishiwe kwa altrasaundi ya mwishoni.

Jirani wa Pasiansi: Mnasumbuka na wiki za nini? Mtoto atatoka akiwa tayari.

Mkunga: Dawa ya kuzuia malaria kwa wajawazito, SP, haianzi kabla ya wiki ya 13. Uchungu ukianza, wiki 33 na wiki 37 hazishughulikiwi sawa. Na mama aliyepita wiki ya 41 hatuendelei kumngoja hivihivi. Yote hayo tunasoma kwenye kadi.

Mama Nansio: Mimi tarehe za kalenda huwa sizishiki. Nakumbuka tu damu ilianza giza likiwa limeingia, mume kaondoka kama siku mbili zilizopita.

Mkunga: Hiyo inatosha kabisa, mama, na nataka wengine waseme hivyo hivyo wakija. Tunachukua kalenda yenye alama za mwezi, tunatafuta mbalamwezi iliyopita, tunahesabu. Umewahi kunipa tarehe nzuri kuliko wenye simu. Hata mnada au siku ya kupokea mchezo inasaidia. Mwenye simu, andika "H" kwenye kalenda kila mwezi, kabla hujahitaji.

Dogo wa Igoma: Je, kama hedhi ilianza tarehe 31, naongezaje siku 7?

Mkunga: Sasa umesoma. Ongeza siku 7 kwanza, ndipo uongeze miezi. 31 Machi inakuwa 7 Aprili, kisha 7 Januari mwaka unaofuata.