Somo: Blogu ya shilingi arobaini, kisa cha msichana wa mashine namba sita

Nimekuwa mhudumu wa saiba karibu na Tom Mboya kwa miaka mingi, na kila mara mwanachama anauliza hapa jinsi ya kuandika blogu bila kompyuta ya nyumbani. Nitawaeleza nilivyoona ikifanywa. Msichana huyu ameniruhusu nisimulie. Jina lake nimeliacha.

Alikuwa mwaka wa pili wa uhasibu katika chuo kimoja hapa mjini. Darasa lilikwisha saa kumi na moja jioni, wakati nauli ya kwenda Kayole imepanda. Akingoja hadi saa mbili kasoro, makanga walikuwa wanaishusha kwa shilingi thelathini hivi. Kwangu dakika moja ni shilingi moja, kwa hiyo sehemu kubwa ya zile arobaini alizonipa ilirudi kwenye nauli.

Hatua ya kwanza: andika kwenye daftari kabla hujaketi

Siku za mwanzo alikuwa anafungua mashine ndipo aanze kuwaza. Dakika ishirini zinapita ana mistari minne. Baadaye akaanza kuja na daftari, makala imeshaandikwa na kufutwafutwa. Kasi yake ya kupiga chapa ilikuwa maneno ishirini kwa dakika. Makala ya maneno 500 ilimchukua dakika 25, akabaki na kumi na tano za kusahihisha, kuchapisha na kujibu wasomaji. Pima kasi yako mwenyewe kabla hujaamua makala iwe ndefu kiasi gani.

Hatua ya pili: chapa mahali panapojihifadhi

Hapa ndipo alipolia, na mimi nilikuwepo. Alikuwa amechapa makala nzima kwenye Word, muda ukaisha, skrini ikajifunga. Akakimbia kuniletea shilingi kumi, lakini kabla sijamwongezea muda mashine ikajiwasha upya. Saiba nyingi, yangu ikiwemo, zina programu inayorudisha kompyuta kama ilivyokuwa asubuhi kila inapozimwa, ili virusi na mafaili ya wateja visibaki. Makala yake ilifutika nayo. Sikuwa na la kumfanyia.

Tangu siku hiyo alichapa moja kwa moja ndani ya Blogger, huduma ya blogu ya Google, ambayo inahifadhi rasimu yenyewe mtandao ukiwepo. Mtandao ukisita, nakili maandishi yote, yaweke kwenye flashi, kisha uendelee.

Hatua ya tatu: ingia na utoke kama mtu anayefunga duka

Fungua dirisha la `Incognito`, na ukimaliza ondoka kwenye akaunti, kisha funga madirisha yote. Nimekuta akaunti za wateja zikiwa wazi mara nyingi mno. Lakini dirisha hilo halizuii programu ya siri inayorekodi unachobonyeza, kwa hiyo washa uthibitisho wa hatua mbili, unaodai namba nyingine juu ya paswadi. Google inakupa namba kumi za akiba, kila moja ya tarakimu nane na ya kutumika mara moja. Msichana wetu alizinakili kwenye karatasi ndani ya pochi, akawa anakata moja kila alipoitumia. Simu yake ya kitufe ilipoibiwa kwenye matatu, karatasi hiyo ndiyo iliyomwingiza.

Hatua ya nne: jua msomaji ni nani

Mwezi wa kwanza alinionyesha kwa furaha kwamba amesomwa mara 140. Tuliketi tukachambua. Blogger ina mpangilio wa kutohesabu ziara zako mwenyewe, lakini unakumbukwa na kivinjari cha mashine husika. Ukifungua kila siku kwenye mashine tofauti, tena kwa `Incognito`, unahesabiwa upya kama mgeni. Karibu nusu ilikuwa yeye. Nyingine zilikuja usiku mmoja, kwa mpigo, kutoka kwenye tovuti zenye majina ya ajabu ambazo hazikuwa na kiungo chochote cha kuja kwake. Hizo ni roboti. Usibofye anwani hizo uone ni nini, ndicho zinachotaka.

Tulipotoa hayo yote, walibaki watu kumi na wawili, wengi wao wanafunzi wenzake. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Sasa wengine watanipataje?"

Jibu lilikuwa limeketi kando yake. Ilikuwa Juni 2019, na saiba ilijaa vijana wanaofaili ritani za KRA kabla ya tarehe 30. Mwenye PIN ya KRA anatakiwa kufaili hata kama hana mapato, na akichelewa faini huanzia shilingi 2,000. Mashine namba tano kijana alikuwa akiniita kila baada ya dakika mbili: "Buda, mimi sina kazi, najaza nini hapa?" Namba saba, mama mmoja alikuwa amesahau paswadi ya mwanawe. Msichana akageuza ukurasa wa daftari akaanza kuandika maswali yao vilevile walivyoyauliza.

Makala iliyotoka aliipa jina "Mwanafunzi asiye na kazi anafaili vipi KRA?" Alieleza kuanzia kuingia iTax, lile swali la hesabu unaloulizwa ukiingia, hadi kuhifadhi risiti. Wiki ya kwanza ilisomwa na watatu. Julai ikapoa kabisa. Mimi ningekata tamaa, ila yeye aliendelea na maswali mengine ya hapa saibani: cheti cha tabia njema, mkopo wa HELB, kitambulisho kilichopotea. Kufikia Desemba wasomaji wapya walikuwa wanatoka Google, mmoja mmoja, kila siku. Juni iliyofuata, siku moja walifika 300, na chini ya makala mtu wa Eldoret akaandika: "Dada, nimekwama hapo kwa tarehe." Alimjibu kwa dakika zake tisa za mwisho.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Githurai: Nina simu ya kupangusa. Saiba bado ina faida?*
Kuandika, simu inatosha. Ukitaka kupanga viungo au kusoma `Stats` kwa utulivu, njoo mara moja kwa wiki.

*Mwanachama wa Rongai: Nikibandika kutoka Word, herufi zinakuwa kubwa na ndogo ovyo.*
Word inabeba mapambo yake. Bandika kwa Ctrl+Shift+V, yatabaki maneno matupu.

*Mwanachama wa Umoja: Aliandika Kiswahili, Kiingereza au Sheng?*
Maelezo kwa Kiswahili chepesi, lakini jina la kitufe aliliacha kama linavyosomeka kwenye skrini. Ukitafsiri kitufe, msomaji atakitafuta asikione. Sheng aliitumia kwenye majibu tu.

*Mwanachama wa Kawangware: Kaka, alipata pesa?*
Kidogo, na kwa kuchelewa. AdSense, huduma ya matangazo ya Google, hailipi kabla hujafikisha dola 100, na ukifika dola kumi hutuma barua yenye PIN ya kuthibitisha anwani. Alitumia sanduku la posta la shule anayofundisha shangazi yake. Barua ilichukua wiki nyingi, basi andika anwani ambayo mtu anaifungua kweli.

*Mwanachama wa Kayole: Taratibu za serikali zikibadilika je?*
Hapo ndipo alipokosea mwanzoni. Ukurasa mmoja wa serikali ulibadilishwa na msomaji akamlalamikia kwamba kitufe hakipo. Sasa juu ya kila makala anaandika tarehe aliyoijaribu mwisho, na kila Mei anakuja kwangu kuipitia hatua kwa hatua, akiwa bado na daftari. Mashine namba sita namwekea.